Sura ya Tano: Njeo za Kumbukumbu katika Shairi la Utoto

Shairi la kukumbuka utoto lina msemaji mmoja anayeishi katika nyakati mbili. Anayesema ni mtu mzima wa leo, lakini mambo anayoyasema yalimpata mtoto ambaye hayupo tena, na msomaji hana njia nyingine ya kujua ni yupi kati ya hao wawili anayetazama mambo kwa wakati fulani isipokuwa kwa kufuata vitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake kiambishi kinachoonyesha tendo limetendeka lini na likoje, na mtunzi anapobadilisha kiambishi hicho humhamisha msomaji kutoka mahali alipo, iwe alikusudia au hakukusudia. Sura hii inachunguza uhamisho huo, yaani jinsi vitenzi vinavyotoka katika wakati uliopita na kuingia wakati uliopo, kisha kurudi, na inaonyesha ni wakati gani uhamisho huo ni ufundi na ni wakati gani ni kosa.

Mfano wa sura umechukuliwa Kampala, na sababu yake ni ya kilugha. Mtoto aliyekulia katika mitaa ya Kampala mara nyingi aliishi utoto wake katika Luganda na akafundishwa darasani kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili alikutana nacho sokoni, kwa majirani au shuleni alipokwisha kukua. Hadhi ya Kiswahili nchini humo nayo imepanda hatua kwa hatua: mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi kwa kufuata azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtunzi wa Kampala anayeandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili, kwa hiyo, anaileta kwenye karatasi hazina iliyowekwa kwa lugha nyingine, na lugha hiyo nyingine ina mpango wake wa kupima umbali wa jana.

Njeo na hali

Wanasarufi hutenganisha mambo mawili ambayo katika kitenzi cha Kiswahili hukaa kiti kimoja. La kwanza ni njeo, yaani wakati wa tendo likilinganishwa na wakati wa kusema: kabla yake, pamoja nao, au baada yake. La pili ni hali, yaani sura ya tendo lenyewe: limekamilika, linaendelea, linarudiwarudiwa, au bado halijatokea. Kiambishi -li- ni cha njeo, kwa kuwa humwambia msomaji kwamba tendo liko nyuma ya wakati wa kusema, bila kueleza kama lilidumu au lilipita mara moja. Viambishi -na- na -a- huliweka tendo katika wakati uliopo. Kiambishi -me- ni cha hali timilifu: tendo limekwisha, lakini matokeo yake yangali yapo mbele ya macho.

Vimebaki viambishi vitatu ambavyo kwa shairi la kumbukumbu ndivyo vyenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu havina wakati wao wenyewe. Kiambishi hu- huonyesha mazoea, na hakisemi kama mazoea hayo ni ya zamani au ya leo. Kiambishi -ki-, kinapoonyesha tendo linaloendelea sambamba na lingine, huazima wakati wake kwa kitenzi kikuu kilichotangulia. Kiambishi -ka- huunganisha tendo na lile lililotangulia katika mfululizo wa masimulizi, nacho huazima wakati vivyo hivyo. Viambishi hivi vitatu ni kama vivuko: mtunzi akitoka ukingo wa -li- na kupanda kimojawapo, anaweza kushuka ukingo wa -na- bila msomaji kuhisi kwamba amerushwa.

Sikio lililolelewa na Luganda

Ili kuona tatizo mahususi la mtunzi wa Kampala, yafaa kukichukua kitenzi ambacho lugha zote mbili zinacho, nacho ni kusoma, ambacho kwa Luganda ni okusoma. Luganda husema asomye kwa mtu aliyemaliza kusoma na matokeo ya kusoma kwake yangalipo, yasomye kwa mtu aliyesoma karibuni, kwa kadiri ya siku moja kurudi nyuma, na yasoma kwa mtu aliyesoma zamani zaidi ya hapo. Mtoto wa Luganda hahitaji kuongeza neno jana au neno zamani, kwa maana umbali umo ndani ya kitenzi. Lugha hiyo ina pia kiambishi -nga mwishoni mwa kitenzi, kinachoonyesha mazoea, hata neno moja tu, yasomanga, likatosha kusema kwamba mtu huyo alikuwa na desturi ya kusoma katika siku za mbali.

Kiswahili hakina ngazi hizo. Alisoma hutumika kwa aliyesoma asubuhi ya leo na kwa aliyesoma enzi za ukoloni, na kwa sikio lililozoea ngazi za Luganda kitenzi hicho husikika kikiwa bapa, kana kwamba mambo yote yaliyopita yamelazwa kwenye mkeka mmoja. Tena kuna mtego wa umbo. Katika Luganda neno alisoma lipo, kwa herufi zile zile, lakini maana yake ni kwamba mtu huyo atasoma siku moja katika wakati ujao wa mbali. Silabi -li-, ambayo kwa Mswahili ni alama ya yaliyopita, kwa Muganda ni alama ya yajayo ya mbali, na mwanafunzi anayeanza kutunga kwa Kiswahili hulazimika kulifundisha sikio lake upya kabla ya kulitegemea.

Sarufi za lugha hizi mbili zina mwandishi mmoja wa pamoja, E. O. Ashton, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1944, na ambaye alishirikiana na wenzake, akiwemo Mganda E. M. K. Mulira, katika sarufi ya Luganda iliyotoka mwaka 1954. Anayesoma vitabu hivyo viwili bega kwa bega huona wazi kwamba Luganda imeweka nguvu zake katika kugawanya njeo, ilhali Kiswahili kimeweka nguvu zake nyingi katika kutofautisha hali. Kwa mtunzi maana yake ni hii: umbali ambao Luganda ingeueleza kwa kuchagua njeo, katika Kiswahili hauna budi kuelezwa kwa kupanga hali, na mpango huo hauonekani katika kitenzi kimoja bali katika namna vitenzi vinavyofuatana.

Shairi la mfano

Shairi lifuatalo limetungwa kwa ajili ya sura hii, ili kila kitenzi chake kiweze kupimwa. Ni la beti nne, kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita, zilizogawanywa nane katika ukwapi, ambao ni kipande cha kwanza, na nane katika utao, ambao ni kipande cha pili. Jambo linalokumbukwa ni msimu wa senene, panzi wa kijani wanaoruka usiku kufuata mwanga, ambao huja kwa wingi mwezi Novemba, hata mwezi huo kwa Luganda ukaitwa Musenene.

Mwezi Novemba jioni, Mengo taa iliwaka,
Senene toka angani, kama mvua walishuka,
Tulitoka barazani, na makopo tukaruka,
Bibi yetu mlangoni, kimya kimya alicheka.

Bibi huketi jikoni, na sufuria huweka,
Mbawa zikiwa kapuni, moshi ukiongezeka,
Hadi kwao majirani, harufu yake hufika,
Nasi sote tu jamvini, macho yakihangaika.

Ninamwona mlangoni, mkono ananishika,
Ananipa kiganjani, senene amekauka,
Nahisi mwangu kinywani, ile chumvi yayeyuka,
Usiku u kilimani, jua halijachomoka.

Leo napita sokoni, kikombe nimekishika,
Senene wa mapipani, mabati yamewateka,
Nimeonja, na kinywani, chumvi ile imetoka,
Bibi yetu mlangoni, kimya kimya alicheka.

Ubeti wa kwanza: kusimika nguzo

Ubeti wa kwanza una vitenzi vitano, na vinne kati yake vina -li-: iliwaka, walishuka, tulitoka, alicheka. Cha tano, tukaruka, kina -ka-, na kwa kuwa kimetanguliwa na tulitoka, wakati wake ni wa kuazimwa kutoka hapo. Kingewekwa mwanzoni mwa shairi, kabla ya kitenzi chochote chenye wakati, kingeninginia hewani. Hapa mtunzi wa Kampala hapati taabu, kwa sababu Luganda nayo ina njia yake ya kuendeleza masimulizi, kwa kutanguliza ne mbele ya kitenzi, nayo hufanya kazi iliyo karibu sana na ya -ka-.

Kazi ya ubeti huu ni kusimika nguzo. Msomaji ameambiwa mwezi, mahali na taa, kisha akapewa matendo yaliyokwisha, na tangu hapo anajua kwamba lolote litakalofuata lisilo na wakati wake litahesabiwa kuwa la jioni ile ya Mengo. Nguzo hii ni sharti, na mashairi mengi ya kumbukumbu yanayomchanganya msomaji yana dosari hapa hapa, kwa kuwa yameanza na hu- au -na- kabla ya kuonyesha kwamba yanazungumzia mambo yaliyopita.

Ubeti wa pili: kuondoa saa

Katika ubeti wa pili -li- imetoweka kabisa. Vitenzi vitatu vina hu- (huketi, huweka, hufika), vitatu vina -ki- (zikiwa, ukiongezeka, yakihangaika), na mshororo wa mwisho una tu, umbo la kale la kusema kwamba watu wapo mahali fulani, ambalo halina njeo wala hali. Ubeti mzima, kwa hiyo, hauna hata silabi moja inayotaja wakati. Msomaji anausoma kama wa zamani kwa sababu tu ubeti wa kwanza ulikwisha kusimika nguzo, lakini akisimamishwa na kuulizwa ni neno gani linalosema kwamba bibi aliketi zamani, hawezi kulionyesha.

Uteuzi wa hu- una sababu mbili, na ni vizuri zisichanganywe. Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Kiswahili cha nathari, kikitaka kueleza mazoea ya zamani, husema alikuwa akiketi, na maneno hayo mawili yana silabi nane kamili, yaani humaliza ukwapi mzima bila kubaki nafasi ya bibi wala ya jiko. Huketi ina silabi tatu. Yasomanga ya Luganda ni neno moja fupi, na mtunzi anayetafuta ufupi huo katika Kiswahili hukosa neno la njeo linalofanana nalo, ila hupata hu-. Sababu ya pili ni ya maana, nayo ndiyo inayolipa gharama. Hu- haina wakati wala haina kiambishi cha mtendaji: mimi huketi, wewe huketi, bibi huketi, umbo halibadiliki. Katika utao wa mshororo wa kwanza, na sufuria huweka, mtendaji hatajwi tena, na msomaji anamjua kutokana na ukwapi peke yake. Jambo lililorudiwa jioni nyingi limepoteza tarehe, na sasa linaanza kumpoteza hata mwenye kulitenda, ndivyo hasa mazoea ya utoto yanavyokaa katika kumbukumbu.

Hu- ina hatari yake, hata hivyo. Kwa kuwa haisemi kama mazoea yamekoma, msomaji anaweza kudhani kwamba bibi yungali hai na kwamba Novemba ijayo ataketi tena jikoni. Shairi hili limeiacha dhana hiyo kwa makusudi na kuingoja hadi ubeti wa nne. Mtunzi ambaye hana mpango wa kuitumia dhana hiyo afadhali atafute nafasi ya kuandika alikuwa, hata kama itamlazimu kuupanga mshororo upya.

Ubeti wa tatu: kuingia ndani

Ubeti wa tatu ndio wenye uhamisho ambao wahariri wengi hutamani kuusahihisha. Vitenzi vyake ni ninamwona, ananishika, ananipa, amekauka, nahisi, yayeyuka na halijachomoka, na vyote ni vya wakati uliopo au vya hali inayopimwa kutoka wakati uliopo. Bibi yuko mlangoni sasa, mkono wake uko mkononi mwa mtoto sasa, na usiku wa Mengo haujakwisha.

Mlango wa kuingilia ubeti huu ni kitenzi ninamwona, na kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kitenzi hiki ni kweli mara mbili: mtu mzima anamwona bibi kwa macho ya moyo wakati huu anaposema, na mtoto anamwona bibi kwa macho ya kichwa usiku ule. Msomaji anapokipokea halazimiki kuchagua kati ya nyakati hizo mbili. Kitenzi kinachofuata, ananishika, ni kweli upande mmoja tu, kwa kuwa mtu mzima hashikwi mkono na yeyote. Lakini msomaji amekwisha kuvuka, na hashtuki. Vitenzi vya namna hii si vingi. Kuona, kusikia, kuhisi na kukumbuka ndivyo vya kawaida, na mtunzi anayetaka kuingia wakati uliopo bila kishindo huanza na kimojawapo, kisha ndipo huleta vitenzi vya matendo. Kama mshororo huu ungegeuzwa, ukaanza na ananishika mkono na kumalizia na ninamwona, msomaji angejikwaa kwenye neno la kwanza, akarudi nyuma kuangalia kama hakuruka mstari.

Mtu anaweza kusema kwamba -na- imewekwa hapa kwa shuruti ya mizani, kama hu- katika ubeti uliotangulia. Madai hayo yanapimika. Ukiondoa -na- na kuweka -li-, mshororo utakuwa: Nilimwona mlangoni, mkono alinishika. Mizani ni ile ile, nane kwa nane, na vina havijaguswa. Ananipa ikigeuzwa kuwa alinipa, hesabu haibadiliki pia. Kwa hiyo hapa mtunzi hakusukumwa na kanuni yoyote; alichagua, na anawajibika kwa uchaguzi wake. Kipimo hiki cha kubadilishana viambishi ni chepesi, na kinawafaa mtunzi na mhariri: pale ambapo mbadala una silabi sawa, uhamisho wa njeo ni wa maana, na pale ambapo mbadala ni mrefu kupita kiasi, kuna uwezekano kwamba mizani ndiyo iliyoamua.

Kinachopotea katika toleo la -li- huonekana zaidi mwishoni mwa ubeti. Halijachomoka ina -ja-, kiambishi cha jambo ambalo bado halijatokea ila linatazamiwa. Jua halijachomoka maana yake ni kwamba litachomoka, na msemaji analijua hilo. Anajua kwamba usiku huu una mwisho. Ikiandikwa jua halikuchomoka, maana inavunjika, kwa sababu sentensi hiyo husema kwamba jua lilikataa kutoka. Hali ya kungoja inayobebwa na -ja- huhitaji mtu aliyesimama ndani ya usiku wenyewe, na hakuna namna ya kumweka humo kwa -li- ya neno moja.

Ubeti wa nne: kutoka nje

Kuingia kulifanywa polepole, ila kutoka kunafanywa kwa neno moja: leo. Kitenzi napita kina -a-, kiambishi kile kile kilichoonekana katika yayeyuka, hivyo kwa sarufi peke yake msomaji angeweza kuendelea kudhani kwamba bado yuko usiku wa Mengo. Ndiyo maana neno leo haliwezi kuondolewa. Wakati uliopo wa kumbukumbu na wakati uliopo wa kweli huvaa viambishi vya aina moja, na lugha haina alama ya kuvitenganisha. Kielezi cha wakati, au jambo ambalo utoto ule haukulijua, ndicho kinachotenganisha. Shairi limetumia vyote viwili, kwa kuwa baada ya leo linaleta mabati na mapipa, mtego wa wafanyabiashara wa siku hizi, ambao huwasha taa kali ili senene wanaofuata mwanga wagonge mabati na kuteleza hadi ndani ya pipa.

Kisha -me- inatawala: nimekishika, yamewateka, nimeonja, imetoka. Kiambishi hiki kilikwisha kutokea mara moja katika ubeti wa tatu, katika senene amekauka, na tofauti ya matumizi mawili hayo inafundisha. Hali timilifu hupimwa kutoka pale msemaji aliposimama. Amekauka hupimwa kutoka mlangoni kwa bibi, kwa hiyo matokeo yake, senene mkavu mwenye chumvi, yako kiganjani mwa mtoto. Imetoka hupimwa kutoka sokoni leo, kwa hiyo matokeo yake ni kinywa cha mtu mzima ambacho chumvi ile haimo tena. Kiambishi ni kimoja, lakini katika ubeti wa tatu kinaonyesha kilichopatikana, na katika ubeti wa nne kinaonyesha kilichokosekana.

Mshororo wa mwisho unarudia ule wa nne wa ubeti wa kwanza, silabi kwa silabi. Mara ya kwanza alicheka ilikuwa imezungukwa na -li- nyingine, ikasomeka kama tukio mojawapo la jioni. Mara hii imezungukwa na -me-, na msomaji anatambua kwamba msemaji angeweza kuandika anacheka, au hucheka, kwa kuwa aliwahi kuviandika vitenzi vya bibi kwa njia hizo zote mbili, naye hakufanya hivyo. Swali lililoachwa wazi na hu- ya ubeti wa pili limejibiwa bila neno kufa kutajwa. Luganda ingelazimika kuamua mapema, kwa kuchagua kati ya wakati wa karibu na wakati wa mbali tangu ubeti wa kwanza, ilhali ubapa wa -li- ya Kiswahili, ule ule unaowasumbua watunzi wa Kampala, ndio ulioiruhusu alicheka kuwa ya karibu mwanzoni na ya mbali mwishoni.

Uhamisho ulio kosa

Si kila mabadiliko ya njeo yana mpango wa aina hii. Kosa la kwanza ni kubadilisha njeo katikati ya mfululizo mmoja wa matendo, kama katika sentensi hii: bibi alifungua mlango, anatupa makopo, tukakimbia nje. Matendo hayo matatu yametokea mahali pamoja kwa kufuatana, na msemaji hakusogea kati ya la kwanza na la pili, kwa hiyo anatupa haina kazi, nayo huziba njia ya tukakimbia, ambayo sasa haijui iazime wakati wake kwa nani. Kulitambua kosa hili ni rahisi: msomaji ajiulize kama msemaji amehama kati ya kitenzi na kitenzi, na kama jibu ni hapana, njeo irudishwe.

Kosa la pili ni kuitwisha -me- mzigo wa wakati uliopita wa mbali. Sikio lililozoea kutofautisha asomye na yasoma hulielewa haraka jambo hili likielezwa, lakini mtunzi anayechoshwa na marudio ya -li- huiingiza -me- ili kupata ladha tofauti, akaandika kwamba mwaka ule bibi amecheka. Katika Kiswahili sanifu -me- haikai vizuri na kielezi cha wakati uliokwisha fungwa, kama jana au mwaka ule. Njia ya kupima ni kukiweka kielezi cha aina hiyo kando ya kitenzi, na kikikataliwa, basi -li- ndiyo inayotakiwa.

Kosa la tatu hutoka kwa mhariri na si kwa mtunzi, nalo ni kunyoosha kila kitu. Mhariri anayejua kwamba nathari ya kitaaluma hushika njeo moja huenda akaugeuza ubeti wa tatu wote kuwa wa -li-, akaamini kwamba amesahihisha. Shairi litabaki na vina vyake, na mizani itazidi katika mshororo wa tatu tu, kwa nilihisi na iliyeyuka; kasoro nyingine itakayoonekana wazi ni halijachomoka, ambayo itakuwa imebaki peke yake bila mwenzake. Lakini ninamwona ikishakuwa nilimwona, msomaji hatakuwa ameingia popote, na neno leo la ubeti wa nne litakuwa linamtoa ndani ya nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Kabla ya kusahihisha njeo katika shairi la kumbukumbu, kwa hiyo, inafaa kupiga mstari chini ya kila kitenzi, kuandika kiambishi chake pembeni, kisha kutafuta mambo matatu: nguzo ya -li- mwanzoni, kitenzi kilicho kweli katika nyakati zote mbili mahali pa kuingilia, na kielezi au kitu cha leo mahali pa kutokea. Vikipatikana vyote vitatu, vitenzi vya katikati viachwe kama vilivyo. Kikikosekana kimoja, mtunzi arudishiwe kazi yake akiwa ameonyeshwa mshororo ambao msomaji atapotelea.